Jina la Kampuni Limeshachukuliwa? Hatua kwa Hatua Kwenye Mfumo wa BRELA

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Leo tunafanya jambo moja tu: kuhifadhi jina la kampuni BRELA kabla ya kuisajili, na nini cha kufanya jina ulilolipenda likirudi na jibu kwamba lina mwenyewe. Huku Mtwara na Lindi msimu wa korosho ukikaribia watu wengi hukimbilia kuchapisha vifungashio na kuandika bango kabla jina halijakubaliwa, halafu jina linagoma na hela ya mchapaji imeshakwenda. Kwa hiyo kama bado hujampa mchapaji kazi, subiri kwanza tumalize hapa.

Nitatumia mfano wa kutunga, na majina yote ya kampuni nitakayotaja nimeyabuni kwa ajili ya somo hili. Ndugu wawili, Somoe na mdogo wake Mikidadi, wanabangua korosho Mikindani. Dada alishasajili jina la biashara zamani, linaitwa "Mikindani Korosho". Sasa wanataka kuwa kampuni, na jina wanalolitaka ni "Mikindani Korosho Limited".

Kabla hatujafungua kompyuta tulielewe hili. Jina la biashara na kampuni ni vitu viwili, kila kimoja kina sheria yake. Jina la biashara halikutenganishi wewe na biashara yako, deni la biashara ni deni lako. Kampuni ni mtu anayejitegemea kisheria. Lakini vyote viwili vinasajiliwa BRELA, na msajili anapoangalia jina lako anaangalia pande zote mbili. Kwa hiyo anayekuzuia si lazima awe kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Anaweza kuwa mwenye duka pale Masasi aliyesajili jina la biashara tu.

Haya, hatua ya kwanza: fungua akaunti yako. Andika anwani hii kama unavyoiona hapa:

```
ors.brela.go.tz
```

Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, pamoja na namba ya simu na barua pepe. Hapo kwenye barua pepe naomba mtulie kidogo. Wengi wetu tunafanyiwa kazi hii steshenari, na kijana wa steshenari, ili amalize haraka, anaweka barua pepe yake mwenyewe. Siku jina likirudishwa kwa marekebisho, taarifa inakwenda kwake. Wewe uko shambani Tandahimba unasubiri, na muda unakwisha. Akusaidie kuchapa, sawa, lakini barua pepe iwe yako na nywila uondoke nayo wewe.

Hatua ya pili ni kutafuta, na hapa ndipo kazi nzima ilipo. Mfumo una sehemu ya kutafuta majina yaliyokwisha sajiliwa. Watu wanaandika jina zima, "Mikindani Korosho Limited", hawaoni kitu, wanafurahi. Usitafute hivyo. Tafuta neno kuu peke yake. Andika "Mikindani" tu, soma kila linalotoka. Kisha andika "Korosho" tu. Kisha badilisha tahajia: kama jina lako lina K, jaribu C, kama lina S, jaribu Z, liandike kwa kuunganisha, kisha kwa kutenganisha. Fanya hivyo upande wa kampuni, halafu rudia upande wa majina ya biashara.

Kwa nini tunahangaika hivi? Kwa sababu Sheria ya Makampuni haimkatazi msajili jina linalofanana herufi kwa herufi tu. Inamkataza pia jina linalokaribiana mno na lililopo, na kipimo ni maoni yake yeye msajili. Maneno kama "Limited", "Company", "Tanzania", au "The" mwanzoni, hayakutofautishi na mtu. Hata "Traders", "Enterprises" na "Investment" yana nguvu ndogo sana, maana kila mtu anayatumia. Ukiyaondoa yote hayo, kinachobaki ndicho jina lako hasa. Kibaki chako peke yako.

Tuwarudie ndugu zetu. Wametafuta, na kwenye skrini wameona majina mawili. La kwanza ni "Mikindani Korosho", jina la biashara, na hilo ni la Somoe mwenyewe. La pili ni "Mikindani Korosho Traders Company Limited", na hilo ni la watu wasiowajua.

Tuanze na hilo la kwanza, kwa sababu linawatokea wengi. Jina limekuzuia, na aliyelishika ni wewe mwenyewe! Hapa usifanye haraka ya kulifunga lile jina la biashara ili kusafisha njia. Ukilifunga leo na kampuni haijapata hifadhi ya jina, umeliacha wazi, mwingine anaweza kuliomba. Bora uombe jina la kampuni, na kwenye maombi ueleze waziwazi kuwa mwenye jina la biashara ni mmoja wa wamiliki wa kampuni. Ambatisha cheti cha usajili wa jina la biashara na barua iliyosainiwa na mwenye jina akiridhia kampuni ilitumie. Barua isiwe ndefu. Iseme nani anamiliki, namba ya usajili ni ipi, anaridhia jina gani litumike, na kwamba jina la biashara litafungwa kampuni ikishasajiliwa. Kama jina lile mlilisajili kwa ubia, wabia wote wasaini. Saini ya mmoja haitoshi kugawa kitu cha watu watatu.

La pili ndilo gumu. Ile kampuni ya "Traders" si yao. Ukitoa "Traders", "Company" na "Limited", kinachobaki ni "Mikindani Korosho", na ndicho kilekile wanachokitaka. Msajili akikataa hapo, amekataa kwa haki. Kuongeza "Tanzania" au "2025" mwishoni ni kupoteza siku.

Wana njia gani? Wanaweza kuangalia hali ya ile kampuni kwenye mfumo. Kampuni kutoonekana sokoni haina maana kwamba jina lake liko huru. Maadamu bado imo kwenye daftari la msajili, jina ni lake. Wanaweza pia kuzungumza na wenye kampuni wawape ridhaa kwa maandishi, lakini mimi siwashauri. Ridhaa inaeleweka pale kampuni mbili zinapokuwa na wamiliki walewale. Kwa mshindani anayeuza korosho mji uleule, hata akikubali na msajili akikubali, wateja watawachanganya, na mzigo mbovu wa mwenzako utahesabiwa kuwa wako.

Njia ninayoiamini mimi ni kubadilisha neno kuu. Tatizo la jina lao lilikuwepo tangu mwanzo: "Mikindani" ni mahali, "Korosho" ni bidhaa. Maneno hayo mawili ni ya wote, na kila mwaka kutakuwa na mtu anayeyataka. Kwa hiyo wanakaa chini na kutunga neno lisilo la mtu. Wanachukua So ya Somoe na Miki ya Mikidadi, wanapata "Somiki". Sasa wanaomba "Somiki Korosho Limited". Neno la bidhaa limebaki, mteja anajua wanauza nini, na neno kuu ni lao. Na Mikindani haijapotea, itaandikwa kwenye kifungashio kama mahali korosho inapobanguliwa.

Angalia lakini, hata "Somiki" lazima lipite kwenye kutafuta kulekule, pande zote mbili, na tahajia zake zote. Andaa majina matatu kwa mpangilio wa unavyoyapenda, yote yakiwa yameshatafutwa, ili moja likikataliwa usianze kufikiri upya. Na mkiwa hapohapo, tafuteni pia kwenye alama za biashara. Hiyo ina sheria yake nyingine. Unaweza kukubaliwa jina la kampuni, kisha mwenye alama iliyosajiliwa kwa bidhaa kama yako akakuzuia kuliweka kwenye mfuko.

Yako pia maneno yanayokwama hata kama hakuna aliyeyachukua. Ukiweka "Benki" au "Bima" utaulizwa kibali cha mamlaka husika. Jina linaloashiria kwamba kampuni ni ya Serikali nalo litakusumbua. Kama huna kibali, liache.

Hatua ya tatu, tuma maombi. Ingia kwenye akaunti, chagua huduma za kampuni, kisha uhifadhi wa jina. Andika jina kama unavyotaka lisomeke kwenye cheti, nafasi na herufi zote. Kama mfumo utatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa kwa namba hiyo tu, kwa simu au benki, na kiasi kiwe kile kilichoandikwa pale. Mtu akikuambia umtumie kwenye namba yake binafsi akulipie, kataa.

Jibu likija, lisome vizuri. Maombi yaliyorudishwa kwa marekebisho bado yako hai: unayafungua, unarekebisha kilichotajwa, unayatuma tena. Yaliyokataliwa yamekufa, unaanza mapya kwa jina la pili kwenye orodha yako. Ukiona sababu haieleweki, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri yako ukiwa na nakala ya jibu lenyewe mkononi.

Jina likikubaliwa, hiyo ni hifadhi, bado si usajili. Kwa kawaida hifadhi ni ya siku 30, na msajili anaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu. Angalia tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa yako na uiandike ukutani. Ndani ya muda huo andaeni katiba ya kampuni, namba za NIDA na TIN za wakurugenzi, na anwani ya ofisi. Jina kwenye katiba lifanane na lililohifadhiwa herufi kwa herufi. Kama mmehifadhi "Somiki Korosho Limited" na mwanasheria akaandika "Somiki Korosho Company Limited", maombi yatarudishwa, na zile siku zinaendelea kuhesabika.

Cheti cha usajili kikitoka, ndipo Somoe anaingia kwenye akaunti yake kufunga lile jina la biashara la zamani, na Mikidadi anampigia mchapaji.