Nani Aanze Kutaja Namba?

Asanteni, kaeni. Nianze na aibu yangu. Katika usaili wangu wa pili maishani, mwenyekiti wa jopo aliniuliza, "Unatarajia mshahara kiasi gani?" Nikasema 800. Hakuinua hata jicho kutoka kwenye karatasi zake. "Sawa. Unaweza kuanza lini?" Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni, ndipo nikajiuliza: mbona hakuvutana na mimi hata kidogo? Namba ikikubaliwa kabla hujafunga mdomo, ujue umejiuza rahisi.

Nikaapa sitaanza tena. Na ninyi mmeshaambiwa hivyo: anayetangulia kutaja ameliwa. Leo nataka kuupinga ushauri huo, angalau nusu yake.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio moja la ajabu. Walikuwa na gurudumu la bahati lililochezewa, likawa linasimama kwenye 10 au 65 tu. Likishasimama, mtu anaulizwa kama asilimia ya wanachama wa Umoja wa Mataifa ambao ni nchi za Afrika iko juu au chini ya namba ile, kisha akadirie mwenyewe. Kwa waliopata 10, kadirio la katikati lilikuwa asilimia 25. Kwa waliopata 65, likawa 45. Gurudumu lilizunguka mbele ya macho yao, halijui lolote kuhusu Afrika, na bado liliwavuta. Hiyo ndiyo inayoitwa nanga: chombo kitayumba huku na huku, lakini hakiendi mbali zaidi ya urefu wa kamba.

Mezani inafanyaje kazi? Mwajiri akisikia 1,350, kichwa chake kinaanza kutafuta kinachoweza kuihalalisha: miaka yako ya uzoefu, ile lugha ya tatu unayoizungumza. Akisikia 800, anayakumbuka mapengo ya wasifu wako. Mtu ni yuleyule, ila namba imemchagulia mwajiri cha kutazama.

Tuchukue mfano, kwa sarafu yoyote mtakayo. Wewe hushuki chini ya 900. Mwajiri hapandi juu ya 1,300, ingawa hilo hakwambii. Akitangulia na 950, wewe kwa adabu utaomba 1,100, na kwa kuwa watu hupenda kukutana katikati, mtaishia karibu na 1,025. Sasa anza wewe na 1,350. Yeye akishtuka kidogo na kujibu 1,050, katikati ni 1,200. Kazi ileile, mipaka ileile, tofauti ni 175 kila mwezi, na nyongeza za baadaye zikihesabiwa kwa asilimia zitajengwa juu ya msingi huo.

Kwa nini basi mimi nililiwa? Si kwa sababu nilitangulia. Nilitangulia bila kujua kazi ile hulipwa kiasi gani, nikatia nanga kwenye maji mafupi. Kama umeuliza watu watatu wanne wanaofanya kazi hiyohiyo na majibu yao yanakaribiana, tangulia, na taja juu kidogo ya lengo lako, mahali unapoweza kupatetea kwa sababu. Ukiomba maradufu ya wanacholipa, wanaweza kufunga faili. Kama hujui kitu, mwache yeye aanze.

Akianza chini, kosa la kawaida ni kuikalia namba yake: "950 ni ndogo, 950 haitoshi kwa jukumu hili." Kila ukiitaja unaipigilia msumari. Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walionyesha mwaka 2001 kwamba faida ya anayetangulia hupotea pale mwenzake anapoelekeza mawazo kwenye lengo lake mwenyewe, au kwenye hali ya upande wa pili: wana mbadala gani wakikukosa? Kwa hiyo andika lengo lako kwenye karatasi kabla hujaingia. Ukisikia 950, sema: "Nilikuwa na matarajio tofauti. Kwa majukumu tuliyojadili, naomba 1,300," kisha nyamaza. Ule ukimya utakuuma, uvumilie.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza: wakitaka kujua mshahara wangu wa sasa?

Hiyo nayo ni nanga, dada yangu, tena wanakutuma wewe uibebe. Sehemu nyingine, California ikiwamo, sheria inamkataza mwajiri kuuliza. Pasipo na sheria hiyo, usidanganye, maana wanaweza kudai hati ya malipo. Jibu hivi: "Kazi hii ni tofauti na ninayoifanya sasa, ningependa tuzungumzie hii. Mmeitengea kiwango gani?" Wakitaja, umeyaona maji. Wakishikilia lazima useme, taja ya sasa na lengo lako kwa pumzi moja, lengo likiwa la mwisho, na useme wazi kama ni kabla ya makato au baada. Nimeona mtu akitaja ya mkononi, wao wakaiandika kuwa ndiyo ya kabla ya makato, na barua ya ajira ikatoka hivyo.