Sufuria ya Mama Joad na watoto waliosimama pembeni

(Mhadhara kwa wanafunzi na wapenzi wa vitabu, Kigoma mjini. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Shikamooni wazee, na nyie vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja na jua hili. Wengi wenu mmeshanisikia nikikisema hiki kitabu, riwaya ya John Steinbeck ya 1939, The Grapes of Wrath, mimi huwa naiita Zabibu za Hasira, kwahiyo sitapoteza muda kueleza nani ni nani. Familia ya Joad, wakulima wa Oklahoma, ukame na vumbi, benki imewatoa kwenye shamba, wamepakia lori kuukuu wanaenda California kuchuma matunda. Basi.

Kilichonileta ni kitu kinachoniudhi kila nikisahihisha insha. Mwanafunzi anaulizwa njaa imetumikaje humu, anaandika "njaa inaashiria umaskini", anaweka nukta, anahamia swali lingine. Hapana jamani! Kwamba ni maskini tumeshaambiwa mwanzoni kabisa, haihitaji ishara. Chakula humu kinafanya kazi nyingine, kinapima neno "sisi" limefika wapi. Kila mkikuta watu wanakula kwenye hiki kitabu ulizeni vitu viwili tu, nani ameshika mwiko, na nani amesimama pembeni anatazama.

Tuanze kwao, kabla hawajaondoka. Sura ya 8, Tom, kijana wa hiyo familia, ametoka jela, hajaonana na mama yake miaka. Baba yake anataka kumfanyia mama surprise, anamwambia kuna jamaa wawili wamepita njiani wanaulizia kama kuna chochote cha kula. Mama yuko jikoni anakaanga nyama ya nguruwe, hajageuka hata kuwaangalia, anasema waje, chakula kipo, waambie tu wanawe mikono. Hajui kama mmoja wao ni mwanae! Huyo ni mtu anayekaribisha kabla ya kujua anamkaribisha nani, kama huku kwetu ukipita watu wamezunguka sinia wanakwambia karibu, na jina lako hawalijui. Baadae sura ya 10 wanajadili kumchukua yule mhubiri Casy kwenye lori, baba anauliza tutaweza kulisha mdomo mwingine, mama anamjibu swali sio tutaweza, swali ni tutataka. Kwenye ukoo wao haijasikika mtu aliyeomba chakula akanyimwa. Shikeni hapo, maana hii ndio sheria ya huyu mama, na kitabu kizima kinakuja kuijaribu.

Sasa sura ya 20. Najua mmenisikia nikiisema, nitaisema tena.

Wamefika California. Wamepiga hema kwenye kambi ya hovyo pembeni ya mji, mahema ya magunia na maboksi, watu wamekwama, kazi hakuna. Bibi amefariki njiani, wamemwacha azikwe kama mtu asiye na ndugu kwa sababu hela ya mazishi hawana. Jioni mama anawasha moto nje ya hema, anabandika sufuria la mchuzi wa nyama na viazi. Harufu inatoka. Na watoto wanaanza kuja, hawaombi, hawasemi kitu, wanakuja tu wanazunguka moto, wamesimama kimya, macho yao yanafuata mkono wa mama kila anapokoroga, wako kama 15 hivi. Kuna msichana mmoja mdogo anaongea, anasaidia saidia kuni ili apate sababu ya kukaa karibu. Na kuna kijana alijitapa jana yake kwamba kwao wamekula kuku, mwenzake anamwumbua palepale, anasema nilichungulia wakati mnakula, ulikuwa unga wa kukaanga kama watu wote.

Hapa nawaomba mtulie. Mtoto mwenye njaa anadanganya kwamba kala kuku. Na mwenzake, naye ana njaa, amechungulia hema la jirani kuona wanakula nini. Steinbeck hajaandika sentensi hata moja ya kueleza aibu ya njaa, ametupa watoto wawili na uongo wa kuku, nasi tumeshajua kambi nzima inaishije, kila mtu anamhesabia mwenzie kilichoko kwenye sahani.

Mama anapakua. Familia yake kwanza, lazima, wanaume kesho wanatakiwa watafute kazi. Sasa huyu John, ndugu yake baba, anapewa sahani anasema hana njaa, tumbo linamuuma. Tom anamjua, anamwambia chukua sahani ingia ndani ya hema ule. John anajibu kwamba hata akiwa ndani bado anawaona. Bado anawaona! Turubai limemzuia asionekane, yeye kuona halijamzuia.

Na mama amekwama kabisa, anasema kuwafukuza hawezi, na kufanya nini hajui. Anawaambia watu wake wachukue sahani waingie wote ndani. Alafu anawageukia wale watoto, anawaambia kila mmoja atafute kijiti bapa, kilichobaki kwenye sufuria ni chao. Wanatawanyika, wanarudi na vijiti na vipande vya makopo, wanalivamia sufuria wanalikwangua kimya kimya, wanasukumana bila kelele. Sisi tuliokulia huku tukigombania ukoko tunaijua hiyo sauti ya chuma kwenye sufuria, lakini ukoko wa kwetu ulikuwa ni nyongeza, umeshakula ugali wako na dagaa ndio unagombania ukoko kwa utundu. Hawa ukoko ndio mlo wenyewe. Na mama anageuka upande wa pili ili asiwaone.

Mara nyingi hapa kuna mtu ananiambia mwalimu, huyo mama ni mkarimu, amewapa. Mwingine ananiambia ni mchoyo, kawapa makombo. Wote mnataka kumpa maksi! Tazameni alichofanya kwa mpangilio wake. Yule mwanamke aliyesema waje, chakula kipo, leo anawaingiza watoto wake ndani ya hema ili wale wamejificha, na baada ya hapo anatamka kwamba hawawezi kufanya hivi tena, itabidi wale peke yao. Sheria ya ukoo imevunjika mbele ya macho yetu, na haijavunjwa na roho mbaya, imevunjwa na hesabu, sufuria moja kwa vinywa zaidi ya 20. Ndio maana namng'ang'ania mwandishi huyu. Anajua ukarimu una kiasi chake cha viazi.

Na hajaishia hapo! Muda si mrefu anakuja mwanamke wa hema jingine, amekasirika, anamwuliza mama wewe ndiye uliyempa mwanangu mchuzi? Mwanae amerudi nyumbani ananuka mchuzi, anamwuliza kwa nini sisi hatuli mchuzi. Mama wa watu atamjibu nini? Mnaona, hata hicho kidogo kilichotolewa kwa wema kimeenda kuwa jeraha kwenye hema la pili. Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu watu wasivue ili samaki wazaliane, kuna jirani yangu alikuwa akipata migebuka ya akiba anaipika usiku, mlango umefungwa, kitambaa kimewekwa chini ya mlango harufu isitoke. Mwanzoni nilimwona mchoyo. Nilipoirudia hii sura nikaacha kumhukumu, maana mwenye watoto sita ndani na samaki wanne anajua mtoto wa jirani akinusa itakuwaje asubuhi.

Kuna mtu atasema mbona kitabu cha Wamarekani, mbona njaa zetu zipo. Zipo, na waandishi wetu wameziandika. Ila hiki kinatuonyesha njaa katikati ya chakula, ambayo ni tofauti na njaa ya mvua kukosekana. Sura ya 25 machungwa yanamwagiwa mafuta ya taa ili watu wasiyaokote, viazi vinatupwa mtoni na walinzi wanawekwa kuzuia watu wasiviopoe, nguruwe wanachinjwa wanafukiwa na chokaa. Hii Steinbeck hakuibuni, mwaka 1933 serikali yao ilinunua na kuchinja nguruwe kama milioni 6 ili bei ipande, na nyama nyingi haikufika mezani kwa mtu. Na yeye mwenyewe alikuwa amezunguka kwenye hizo kambi, 1936 akaandika habari zake kwenye gazeti la San Francisco. Alijua alichokuwa anakisema, ndio maana kaunti ya Kern hukohuko California wakakipiga marufuku kwenye maktaba zao mwaka huohuo kilipotoka.

Naambiwa nina dakika kumi. Basi nikimbie.

Sura ya 26, wanachuma pichi, boksi senti 5. Familia nzima siku ya kwanza inapata dola moja, yaani maboksi 20, na dola yote inaishia kwenye duka la kampuni ambalo bei zake ziko juu kuliko mjini, nyama ya kusaga, mkate, viazi, kahawa, imekwisha. Wanakula, Tom anauliza kama kuna nyingine, mama anamwambia hakuna, hiyo ndiyo dola yenu. Sukari ya kahawa alipungukiwa senti 10, yule karani wa duka akazitoa mfukoni mwake akaweka kwenye droo, na mama akasema ukiwa na shida nenda kwa maskini, hao ndio watakaokusaidia. Watu wengi wananukuu hapo tu wanafurahi. Nendeni mbele kidogo! Usiku Tom anatoka nje ya geti anamkuta Casy na wagomaji, anajua sasa kwamba familia yake walilipwa senti 5 kwa sababu kuna watu walikataa senti 2 na nusu. Ule mlo wa dola umenunuliwa kwa njaa ya waliosimama nje ya geti. Ni lile hema tena, safari hii ukuta wake ni wa kampuni, na waliokuwa ndani wanakula hawakujua hata kama kuna watu nje.

Sura ya 28, ile ya Ruthie, binti mdogo wa familia, na boksi lake la bisi za sukari, anakula mbele ya wenzake hataki kugawa, wanamnyang'anya, kwa hasira anaropoka kwamba kaka yake Tom ameua mtu, naye inabidi aondoke. Nilitaka niwasomee lakini muda hauruhusu, kasomeni, muone kitu kidogo cha kula kinavyoiondolea familia mtu.

Mama pale mbele ameuliza, na la mwisho ghalani? Ndiyo mama. Mafuriko, binti yao Rose of Sharon amejifungua mtoto mfu, wamekimbilia kwenye ghala, humo kuna mtu hajala siku sita kwa sababu kila alichopata alimpa mwanae. Mwanae aliiba mkate akamletea, akautapika, anahitaji supu au maziwa. Hapo hakuna moto wala sufuria wala sahani ya kuhesabia. Mama Joad na binti yake wanatazamana tu, binti anasema ndiyo, mama anawatoa wote nje anafunga mlango, na binti anabaki kumnyonyesha yule mtu. Sura ya 20 walioingia ndani walikuwa ni familia na wageni wakabaki nje. Hapa aliyebaki ndani anakula ni mgeni, na familia ndiyo iko nje.