Advansi, shoti na daftari la bosi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na najua baadhi yenu mmetoka shifti ya usiku. Leo nitazungumzia jambo moja tu: mtu anaichoka kazi, anataka kuondoka, lakini akienda kuaga anaambiwa, "Lipa kwanza deni langu." Nitatumia mfano wa kituo cha mafuta kwa sababu hapo mambo yote mawili, advansi na shoti, yaani fedha za mauzo zinazopungua kwenye hesabu ya shifti, yanakutana kwenye daftari moja.

Chukueni mhudumu wa pampu, tumwite Dada. Mshahara wake ni 240,000 kwa mwezi. Ukitoa 24,000 ya NSSF inabaki 216,000. Katikati ya mwezi mtoto ametakiwa shule na sare, Dada akachukua advansi ya 100,000. Wiki hiyohiyo ikatokea shoti ya 80,000. Mwisho wa mwezi bosi akakata vyote kwa mkupuo, Dada akapewa 36,000. Chumba anacholala ni 40,000. Kwa hiyo tarehe 3 amerudi tena ofisini kuomba 120,000, na mwezi mpya umeanza akiwa tayari ameshaula. Hata kama deni halikui, haliishi, na huyo mtu haachi kazi hata akitukanwa, hata akifanyishwa shifti mbili.

Sasa hiyo shoti ilitoka wapi? Mnajua hesabu yenyewe: mita ya kufungulia, mita ya kufungia, lita zilizotoka mara bei, halafu unatoa malipo ya simu na mafuta ya mkopo, kinachobaki kiwe fedha mkononi. Shoti nyingi nilizokaa kuzipitia na wahudumu hazikuwa za wizi. Anayeingia na anayetoka hawakusoma mita pamoja. Au gari la jamaa wa bosi limejazwa na hakuna aliyeandika. Aliyeshika pampu ndiye anayebebeshwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inazitenganisha hizi mbili, na mimi nawaomba mzitenganishe hivyohivyo. Kwa hasara kama shoti, bosi hawezi kukata kwa sababu tu fedha zimepungua. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, nawe ukubali makato kwa maandishi. Hata ukikubali, hawezi kukata zaidi ya robo ya mshahara wa fedha. Kwa Dada ni 60,000.

Advansi haina kinga hiyo ya robo, na hapa ndipo watu wengi wanajikwaa. Kinga yako kwenye advansi ni karatasi ya makubaliano, basi ongea kuhusu marejesho kabla hujapokea hela. Dada angeandikiana kurudisha 25,000 kwa miezi minne, na shoti ikakatwa 60,000 mwezi wa kwanza, angeondoka na 131,000 badala ya 36,000. Kodi ingelipika, na tarehe 3 asingehitaji kurudi kuomba.

Ndiyo maana lile daftari linanitia hasira. Mstari mmoja unaandikwa "deni 180,000", unasaini kwa haraka kwa sababu unataka mshahara, na tangu siku hiyo shoti uliyotaka kuipinga imegeuka mkopo ulioukubali. Msisaini jumla. Andikeni mistari miwili, na kama shoti hamuikubali, andikeni hivyo pembeni ya sahihi, kisha piga picha ukurasa kwa simu.

Je, ukiwa na deni unaweza kuacha kazi? Unaweza. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na deni haliondoi haki hiyo. Deni linabaki kuwa deni la madai. Bosi ana haki ya kulidai, lakini hana haki ya kukushikilia wewe, vyeti vyako vya shule wala kitambulisho chako cha NIDA. Cheti cha utumishi ni haki yako unapoondoka.

Tishio la polisi nalichukulia kwa uzito. Kushindwa kulipa advansi si jinai. Shoti ni tofauti, kwa sababu bosi anaweza kudai ni wizi wa mtumishi, na kosa hilo lipo kwenye Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo usitoroke usiku ukaacha hesabu wazi. Toa notisi kwa maandishi, baki na nakala, kabidhi mita mbele ya mwenzako, nyote msaini. Akikata mshahara kinyume na sheria, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba 1. Mgogoro wa makato unafunguliwa ndani ya siku 60, na wa kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Nendeni na zile picha za daftari, maana bosi akiitwa, daftari lenyewe mara nyingi huwa limeshapotea.