Night light imepaka kioo chako, je, imepaka na picha yako?

Karibuni. Leo skrini nimeigawa mara mbili. Kushoto mnaona kompyuta yangu kama inavyorekodiwa na programu ya kurekodi skrini. Kulia ni kompyuta hiyo hiyo, ila nimeichukua kwa kamera ya simu niliyoisimamisha mbele ya kioo.

Sasa nashika kitufe cha Windows pamoja na A, kidirisha kinapanda pale pembeni, nabonyeza Night light, kile kichujio cha usiku kinachopunguza buluu kwenye kioo. Angalieni kulia: kioo chote kimeingia rangi ya chungwa. Angalieni kushoto: hakuna kilichobadilika, nyeupe ni nyeupe vile vile. Mara ya kwanza nilirekodi video hii kwa programu peke yake, nikazungumza mwanzo mpaka mwisho nikionyesha kwa kidole rangi ambayo mtazamaji asingeiona hata kidogo. Ikabidi nianze upya.

Ukitaka kurudia jaribio hili nyumbani, jihadhari na kamera ya simu. Ikiachwa ijiamulie yenyewe, itajaribu kuirudisha nyeupe iwe nyeupe, na rangi ya chungwa itafifia kwenye video. Mimi nimeingia kwenye hali ya Pro, nikaweka WB, yaani kipimo cha kuiambia kamera nyeupe ni ipi, kwenye 5500K, nikaiacha hapo hapo bila kuigusa tena.

Kwa nini pande mbili zinatofautiana? Kompyuta kwanza huchora picha nzima ya skrini kwenye kumbukumbu: madirisha, maandishi, picha, kila kitu. Kisha picha hiyo iliyokamilika hupelekwa kwenye kioo. Night light imekaa hapo njiani, karibu na mlango wa kutokea. Nyekundu inaiacha ilivyo, kijani inakipunguza kidogo, buluu inaipunguza sana. Programu ya kurekodi na ile ya skrinishoti huchota picha kabla haijafika mlangoni. Ndiyo maana Night Shift ya iPhone na Mac, pamoja na Night Light iliyomo ndani ya simu za Android, nazo haziingii kwenye skrinishoti. Ni kama kusoma kitabu chini ya taa ya njano: karatasi unaiona ya njano, lakini ukimpa mtu kitabu hicho mchana, anapokea karatasi nyeupe.

Msiniamini kwa maneno. Tupime.

Ingia Settings, kisha System, kisha Display, fungua Night light. Pale kwenye Strength vuta mpaka mwisho, 100. Kioo sasa kinatisha, na ndivyo tunavyotaka. Fungua ukurasa wowote mweupe mtupu. Shika Windows, Shift na S kwa pamoja, zungushia kipande cha hiyo nyeupe, kisha kihifadhi kama PNG. Nasema PNG kwa sababu JPEG hubana picha na inaweza kuyumbisha namba kidogo, halafu ukaanza kutafuta mchawi asiyekuwepo.

Nafungua faili hilo kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Nabonyeza herufi O, nimepata Color Picker, ile dropa ya kuchota rangi. Nashika Shift huku nabofya kwenye nyeupe, na dirisha dogo la namba linatokea. Kama kwako linaonyesha asilimia, chagua RGB (0..255) kwenye orodha yake. Haya, tusome: nyekundu 255, kijani 255, buluu 255. Macho yangu yanaona chungwa, faili linasema nyeupe safi. Nazima Night light, nachota tena pale pale: 255, 255, 255. Namba hazikusogea.

Wengi wakifika hapa hufunga mjadala: rangi haiingii, kwaheri. Lakini balaa lenyewe linaanza hapa. Night light haiharibu picha yako. Wewe unayehariri huku imewaka ndiye unayeiharibu, tena unaipeleka upande wa pili.

Tazameni. Hii ni picha ya kikombe cheupe juu ya meza, imepigwa mchana karibu na dirisha. Naweka alama kwenye Sample average ili dropa isome eneo badala ya pikseli moja, nabofya ubavuni mwa kikombe, upande wenye kivuli. Napata 212, 210, 207. Hizo namba tatu zimekaribiana sana, maana yake ni kijivu kisichoegemea rangi yoyote, chenye ujoto kidogo mno. Picha haina tatizo.

Sasa nawasha Night light na kujifanya sijui kama imewaka. Kwangu mimi kikombe kinaonekana kimepauka kwa njano. Nafanya anachofanya kila mtu: naingia Colors, kisha Color Balance. Mstari wa Yellow na Blue nauvuta kuelekea Blue. Nautazama, bado. Nauongeza. Mstari wa Cyan na Red nauvuta kidogo kuelekea Cyan. Aa, sasa kikombe kimekaa cheupe, nimeridhika. OK.

Nachota pale pale ubavuni: 199, 209, 231. Mnaona? Buluu imeizidi nyekundu kwa 32. Nazima Night light. Kikombe kimekuwa cha buluu, meza ya mbao imepoteza uhai, na kama kungekuwa na mkono wa mtu hapa ungeonekana kama wa mgonjwa. Hii ndiyo picha ambayo ungemtumia mwenzako. Angekuuliza kwa nini picha zako zina ubaridi, nawe ungefungua faili usiku, ungeiona iko sawa, mkabishana bure.

Ubaya wa kitu hiki ni kwamba huja taratibu. Ukiwa umeiwekea Sunset to sunrise, hujiwasha yenyewe jua likizama wakati uko katikati ya kazi, na macho huizoea. Baada ya muda hutaiita tena chungwa, utaiona kama kawaida yako.

Kuna na hasara nyingine isiyohusiana na kuzoea. Chukua nyeupe, 255, 255, 255, uiweke kando ya njano hafifu, 255, 255, 200. Rangi hizo zinatofautiana kwenye buluu tu. Night light ikiikata buluu, tofauti yenyewe inakatwa pia. Nimezichora hapa kulia, mraba ndani ya mraba. Strength ikiwa 100, mimi niliyeuchora nautafuta mraba wa ndani kwa shida. Kwa hiyo hata ukiapa hutagusa mstari wa rangi, bado unaweza kuacha doa la njano kwenye shati jeupe kwa sababu hukuliona.

Basi, utaratibu wangu ni huu. Kabla ya kufungua picha nazima Night light, halafu nayapa macho dakika chache yarudi, maana mara tu ukiizima kila kitu huonekana cha buluu, na ukihariri hapo hapo utakosea upande wa njano. Wanaotumia f.lux, programu inayofanya kazi kama ya Night light, wana unafuu: unaweza kuiambia isifanye kazi programu fulani ikiwa mbele. Kwenye Mac na iPhone kuna kitu kingine cha kuzima, True Tone, ambacho hubadilisha rangi ya kioo kufuata mwanga wa chumba.

Na kama picha imeshaharibika? Kama faili la awali lipo, rudi kwake, usihangaike. Kama halipo, fungua lile bovu, ingia Colors, kisha Levels. Pale kwenye All Channels kuna dropa tatu: ya nyeusi, ya kijivu na ya nyeupe. Chukua ile ya katikati, ya kijivu, ubofye mahali unapojua kwa hakika hapakuwa na rangi. Kwetu ni ubavu wa kikombe. Nabofya. Rangi imerudi, na nikichota sasa namba tatu zimekaribiana tena. Usibofye ukuta kwa sababu tu unauona mweupe. Kuta nyingi zina rangi ya maziwa, na ukizifanya kijivu safi utairudisha picha yote kwenye ubaridi.

Kuna jambo moja la mwisho, na hapa jibu linageuka. Nilisema Night Light iliyomo ndani ya simu haiingii kwenye skrinishoti. Lakini zipo aplikesheni za kuchuja mwanga wa buluu ambazo mtu huzipakua, nazo hazifanyi kazi pale mlangoni. Zinatandaza utando wa rangi juu ya kila kitu, kama karatasi ya plastiki juu ya meza. Utazitambua kwa sababu huomba ruhusa ya Display over other apps. Kwa simu, utando huo ni sehemu ya picha ya skrini, hivyo skrinishoti huubeba. Viongezo vya kivinjari vinavyopaka ukurasa rangi navyo viko hivyo hivyo.

Ninayo simu hapa yenye aplikesheni ya aina hiyo. Tazameni maandishi meusi, si sehemu nyeupe. Night light halisi hupunguza tu, na nyeusi haina cha kupunguzwa, kwa hiyo inabaki nyeusi. Utando huongeza rangi yake hata juu ya nyeusi. Mnaona herufi zilivyoingia hudhurungi? Ukiona hivyo, jua ni utando.

Nimepiga skrinishoti, nimeihamishia kwenye kompyuta. Nachota sehemu nyeupe: 255, 228, 201. Nachota herufi: 58, 31, 4. Rangi imo ndani ya faili. Na ukiitazama skrinishoti hiyo kwenye simu ile ile kabla hujazima aplikesheni, utaiona imeiva zaidi, kwa sababu inapakwa mara ya pili.

Hii sijisumbui kuirekebisha kwenye Levels. Narudi kwenye simu, nazima aplikesheni, napiga upya. Nachota: nyeupe 255, 255, 255, herufi 0, 0, 0. Hii ndiyo ninayoituma.