Shilingi 160, riba 13: mwaka ambao mwenye duka la matairi alipigwa pande mbili

Haya jamani, kaeni tuanze, mlio nyuma sogeeni mbele viti viko. Leo sitawasomea maana ya mfumuko wa bei, hiyo mnayo kwenye noti. Nataka tuchukue kipindi kimoja tu, Kenya kuanzia katikati ya 2023 mpaka mwisho wa 2024, manake hapo vitu vyote vitatu, bei, riba na dola, vilitembea kwa pamoja na ukikielewa hicho kipindi swali la mtihani halikusumbui.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Marekani benki yao kuu ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi 5.25 mpaka 5.50 Julai 2023, kwa hiyo mwenye pesa zake akaona heri azirudishe kule. Halafu sisi tulikuwa na deni la Yurobondi, yaani mkopo wa serikali kwa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 la kulipwa Juni 2024 na kila mtu anajiuliza tutalilipa na nini. Dola ikawa haishikiki. Katikati ya 2023 ilikuwa kama shilingi 140, Oktoba 150, Januari 2024 ikagonga 160.

Hapo kwanza kuna mtego. Kutoka 140 hadi 160, shilingi imeshuka asilimia ngapi? Wengi mtasema 14.3. Hapana, hiyo 14.3 ni dola iliyopanda. Shilingi yenyewe unagawa 140 kwa 160 unapata 0.875, yaani imepoteza asilimia 12.5. Na pia namba ikipanda shilingi imeshuka, kila mwaka kuna mtu anaandika kinyume halafu ukurasa mzima unaenda kombo.

Sasa tumchukue mfanyabiashara, tumpe jina Mama Salma, wa kubuni huyu, anauza matairi Mombasa. Mwisho wa Oktoba 2023 ameagiza mzigo wa dola 100,000 kutoka Uchina, amepewa siku 90 za kulipa. Ushuru na gharama za bandari tuziache kando ili hesabu isituchoshe, japo ushuru nao unapigwa kwa thamani ya shilingi kwa hiyo nao unapanda. Kwa dola ya 150, mzigo ni milioni 15. Anapanga kuuza kwa milioni 16.8, abaki na milioni 1.8. Ana ovadrafti, yaani benki imemruhusu atoe zaidi ya alichonacho kwenye akaunti, ya milioni 10, riba asilimia 14 kwa mwaka, kwa hiyo miezi mitatu ni 350,000. Matarajio yake ni kubaki na milioni 1 na 450 elfu.

Matairi yakauzika yote, tena kwa bei aliyopanga. Mwisho wa Januari anaenda kulipa, dola ni 160. Mzigo ule ule sasa ni milioni 16. Faida imebaki 800,000. Na benki imempigia kumwambia riba imepanda, tuseme 18, kwa hiyo badala ya 350,000 analipa 450,000. Kabaki na 350,000. Kutoka milioni 1.45 mpaka 350 elfu na mauzo hayajapungua hata tairi moja! Hapo ndo watu wengi hukosea kwenye insha, wanaandika tu "wateja watapungua", kumbe biashara inaweza kuumia mauzo yakiwa vile vile, kwa sababu gharama iko kwa dola na mapato yako kwa shilingi na kati yao kuna siku 90.

Mtauliza kwa nini asipandishe bei. Alishauza kabla hajajua dola itafika wapi, na wateja wake ni watu wa matatu ambao mafuta nayo yamewabana, petroli ilipita shilingi 200 kwa lita Septemba 2023.

Sasa Benki Kuu. Gavana Kamau Thugge na kamati yake walikuwa wamepandisha riba hadi 10.5 Juni 2023, Desemba wakaruka kwa mara moja mpaka 12.5, Februari 2024 wakaweka 13. Na mfumuko Januari ulikuwa 6.9, ambao uko ndani ya lengo lao la 2.5 mpaka 7.5, sasa haraka ya nini? Haraka ilikuwa shilingi. Riba ya juu haishushi bei ya mafuta ghafi, hilo liandikeni, ila inamfanya mwenye dola azibadilishe aje akopeshe huku. Na Februari ndo ikatokea, serikali ikauza bondi ya miundombinu ya riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, wageni wakaikimbilia, na karibu siku zile zile ikapata Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ya kulipia sehemu ya ile ya zamani. Hofu ikaisha. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa inazungukia 130.

Lakini jiwekeni kwenye kiti cha meneja wa benki. Serikali inakupa zaidi ya 18 bila kodi na bila wasiwasi, Mama Salma anakuja na karatasi za matairi. Utamkopesha kwa ngapi?

Tena 130 haikuwa sherehe kwa kila mtu. Tuseme Mama Salma kwa kuogopa alinunua mzigo mwingine Januari taslimu kwa 160, milioni 16. Jirani yake akanunua huo huo Machi kwa milioni 13. Nani atauza? Na mkulima wa maua Naivasha anayelipwa dola 50,000, Januari zilikuwa milioni 8, Machi milioni 6.5, na mishahara ya wafanyakazi haikupungua hata shilingi. Mbolea yake ya nje imeshuka kidogo, inamsaidia, lakini haizibi pengo lote.

Kitu cha mwisho ambacho watahini wanakipenda, riba halisi. Februari 2024 riba ya Benki Kuu 13, mfumuko 6.3, toa, unapata 6.7. Oktoba wameshusha riba hadi 12, ila mfumuko umeshuka hadi 2.7, toa, 9.3. Yaani riba imepungua kwenye karatasi huku mzigo wa deni ukizidi, kwa sababu bei unazouzia hazipandi tena kukusaidia kulipa. Na benki za biashara zenyewe zilikuwa bado zinakopesha kwa karibu 17 mwisho wa 2024, hazishushi kwa kasi waliyopandishia.

Ndio, dada hapo nyuma? ... Sawa, anauliza kwa nini Mama Salma asifunge bei ya dola mapema na benki. Angeweza. Unakubaliana leo, tuseme 153, unalipa baada ya siku 90 hata ikifika 200. Oktoba ingemuokoa shilingi 700,000. Lakini aliyefunga Januari kwa 162 akiogopa 180, Aprili alilazimika kuinunua kwa 162 wakati mtaani ni 130, na mkataba hauvunjwi. Kwa hiyo swali likikuuliza kama ni hatua nzuri, usijibu ndio au hapana, sema inaondoa wasiwasi wa bei na inaondoa pia nafasi ya kupata nafuu, halafu weka hizo namba mbili.