Meseji 26 za wapangaji, sauti moja: fuata hivi

Haya karibuni, niko hapa Kiamunyi, Nakuru, mvua imeanza kwa hivyo ukisikia kelele ni mabati tu. Leo nataka tufanye kazi moja ambayo mtu yeyote anayeandikia watu wengi meseji atakutana nayo, awe agenti wa nyumba, karani wa chama, ama mtu wa duka. Kuna agenti mmoja ninayemsaidia, ako na ploti mbili, moja hapa Kiamunyi na ingine Free Area, na ako na meseji 26 ameweka kwa simu, kila mwezi anakopi anatuma. Akaniomba nizipange upya juu wapangaji walianza kumcheka. Kwa nini wamcheke? Hebu angalia hizi mbili kwa skrini, zote zilitoka kwa namba moja, wiki moja.

Ya kwanza: "Mpangaji, unaarifiwa kwamba kodi ya mwezi wa tatu inapaswa kulipwa kufikia tarehe 5, ikiwa na nambari ya nyumba. Kukosa kufanya hivyo kutasababisha hatua kuchukuliwa dhidi yako."

Ya pili: "Sasa majirani, maji imerudi hahaa, jazeni mitungi mbio kabla ipotee tena!!"

Umeona? Jumatatu unaongeleshwa ni kama umeitwa kwa chifu, Alhamisi ni beshte yako. Na shida si eti moja ni mbaya, kila moja peke yake inaweza pita. Shida ni kwamba mpangaji akizoea hii ya pili, ile ya kwanza ikifika anaisoma kama hasira, anajiuliza nimekosa nini, na wakati hata hujakasirika.

Sasa kabla uguse hata neno moja, toa meseji zote kwa simu uziweke kwa dokumenti moja, kila moja na nambari yake. Halafu usizipange kwa tarehe, zipange kwa kazi. Hizi 26 zilitoka hivi: kodi 9, maji 6, takataka na usafi 4, na zilizobaki 7 ni za kuhamia, kuhama na mambo mengine madogo. Ukishazipanga hivi utaona kitu wengi hawagundui, kwamba sauti haibadiliki ovyo. Kwa huyu agenti zote 9 za kodi zilikuwa ngumu kama mbao, na za maji karibu zote zilikuwa za kuchekacheka. Yaani mambo ya pesa yakiingia anajificha nyuma ya maneno makubwa juu anaona aibu kudai, na akiwa na habari njema analegea. Ukijua mahali yako hubadilikia, nusu ya kazi umeshaifanya.

Hatua inayofuata ndio ya maana na hapa nitakaa kidogo. Tafuta meseji moja iwe kipimo. Usichague ile tamu kuliko zote, chagua moja ya katikati, isiyo na habari mbaya wala nzuri, halafu iandike hadi wewe mwenyewe useme sawa, hivi ndivyo ningemwambia mtu tukiwa tumesimama kwa geti. Mimi nilichukua nambari 11, ya kufungwa maji, ikawa hivi:

"Habari. Maji yatafungwa kesho Jumatano, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, fundi anabadilisha valvu ya tangi. Chota maji ya kutosha leo jioni. Ikipita saa kumi na bado hujaona maji, nipigie."

Haina maajabu. Lakini isome pole pole uone imeamua nini. Salamu ni neno moja, na si "habari za asubuhi", juu mtu anaweza kuisoma usiku akitoka kazi. Inaongea na mtu mmoja, "chota", si "choteni", kwa sababu agenti anatuma kwa brodkasti ya WhatsApp na ile huingia kwa kila mtu peke yake, sasa ukiandika "majirani jazeni" mtu anashangaa wengine wako wapi. (Kwa grupu ni tofauti, hapo "choteni" iko sawa, ila uchague moja usichanganye.) Anayeongea ni "mimi", ndio maana imesema "nipigie" na si "wasiliana na ofisi". Sababu imekuja kabla ya ombi. Ombi ni amri ya kawaida bila "unaombwa", na inakaa poa kwa sababu sababu imeshatangulia.

Kitu kingine, maji "yatafungwa", si "itafungwa". Najua sisi huku tunaongea "maji imepotea", mimi pia, hata kwa hii video nimesema vibaya mara kadhaa. Lakini kwa maandishi nimeshika ile sanifu, juu hakuna mtu hukasirishwa na "yatafungwa", na ukiacha zote mbili ziingie, meseji moja "yamerudi" ingine "imerudi", msomaji anahisi ni watu wawili wanaandika. Ule ulaini unatoka kwa sentensi fupi na "nipigie", hautoki kwa kuvunja sarufi. Hayo ni maoni yangu, wewe ukitaka kuivunja ivunje, lakini ivunje kwa zote 26.

Emoji nimekataa, na hii si ya roho mbaya. Kuna wapangaji wanapokea kwa esemesi ya kawaida, na emoji moja ikiingia, nafasi ya esemesi moja inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, unajikuta unalipia mbili ama tatu.

Sasa tuandike zingine, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Umewahi kuona fundi akikata mbao 12 za urefu mmoja? Fundi mzuri anakata ya kwanza, anaiwekea alama, na hiyo ndio anapimia zote. Mwanagenzi anakata ya pili kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu, na kila mara anaongeza unene wa penseli, tuseme milimita 2. Akifika ya 12 amepita kwa sentimita mbili na kitu na hajui ilianzia wapi, juu ukilinganisha mbili zinazofuatana zinakaa sawa. Meseji ni vivyo hivyo. Ukiandika nambari 5 ukiangalia nambari 4, utaona ziko sawa, lakini kufika 20 umeshahama. Kwa hivyo ile nambari 11 inakaa juu ya skrini wakati wote, na kila meseji unailinganisha na hiyo, si na ile umetoka kuandika.

Na usirekebishe ile ya zamani neno kwa neno. Ukianza na "unaarifiwa kwamba kodi inapaswa kulipwa" halafu ubadilishe "unaarifiwa" iwe "nakujulisha", mifupa bado ni ile ile. Toa mambo yaliyomo peke yake: kodi ya mwezi wa tatu, mwisho tarehe 5, andika nambari ya nyumba. Funika ya zamani, soma kipimo kwa sauti mara moja, halafu andika:

"Habari. Kodi ya mwezi wa tatu mwisho ni tarehe 5. Ukituma, andika nambari ya nyumba yako nijue ni wewe. Kama utachelewa, niambie kabla ya siku hiyo tupange."

Jaribio langu la kwanza lilikuwa "Niaje jirani, mwezi ndio huo usisahau kulipa." Nilikuwa nakimbia ule ugumu nikaanguka upande wa pili, na hii hutokea sana, mtu akiambiwa yeye ni mgumu anaanza kuchekesha. Kipimo ndicho kilinirudisha, juu nambari 11 haina "niaje".

Agenti akaniuliza, sasa mtu akikataa kulipa nitamwambia kwa hii sauti ya upole? Ndiyo, na hapa angalia ile ya tarehe 9:

"Habari. Leo ni tarehe 9 na sijaona kodi ya nyumba B4. Kama ulituma, nitumie ile meseji ya M-Pesa niangalie. Kama bado, nipigie leo tuongee utalipa lini."

Salamu ni ile ile, "mimi" ni yule yule, lakini hakuna mahali pa kujificha. Uzito umetoka kwa tarehe, nambari ya nyumba na neno "leo". Ukiongeza "hatua kali zitachukuliwa" unapunguza, juu kila mtu ameisoma hiyo mara mia na hakuna kilichotokea. Ila notisi ya kisheria ya kumtoa mtu usiilete huku, hiyo iweke kando. Ina lugha yake, na kwa nyumba nyingi za biashara ina fomu yake kabisa chini ya Sura ya 301 ya sheria za Kenya.

Kuna moja ilinishinda mara tatu, nayo ni ya mpangaji aliyefiwa. "Habari" haiwezi kuanza hapo. Kwa hivyo salamu ikaondoka, lakini mengine yote nikayashika:

"Pole sana kwa kufiwa. Mambo ya kodi tutaongea ukirudi. Ukitaka mtu aangalie nyumba ukienda mazishi, niambie."

Bado ni mtu yule yule anaongea, ameshusha sauti tu.

Ukimaliza zote usizisome siku hiyo, macho yamezoea. Kesho yake fungua dokumenti, bonyeza Ctrl+F, utafute yale maneno ya upande mgumu moja moja: kwamba, unaarifiwa, inapaswa, dhidi, endapo. Halafu ya upande mlegevu: hahaa, mbio, msee, alama mbili za mshangao. Mimi nilipata "endapo" nne na zote zilikuwa kwa zile za kuhama, ambazo niliandika mwisho nikiwa nimechoka. Nikizibadilisha "endapo" kuwa "kama", sentensi mbili zilikataa kukaa, kumaanisha ugumu ulikuwa sentensi nzima, nikaziandika upya.

Halafu jaribu hii: chukua mwanzo wa meseji moja, labda nambari 3, uunganishe na mwisho wa nambari 22, umsomee mtu. Maana haitaungana lakini sauti inafaa iungane. Mimi nilimsomea msimamizi wa ploti ya Free Area, mzee ambaye hapendi maneno mengi, nikamwambia anyooshe mkono akisikia mtu amebadilika. Alinyoosha mara moja tu, kwa nambari 24, mahali nilikuwa nimeandika "tunashukuru kwa ushirikiano wako". Akaniuliza, "Huyu tunashukuru ni nani sasa, na si ni wewe ulikuwa unaongea?" Nikafuta, nikaweka "asante", na hiyo ndiyo iko kwa simu ya agenti mpaka leo.