Kukadiria gharama ya choo cha shimo katika ardhi ya Goma

Wazazi wangu, mafundi na ndugu mliofika, nimeombwa niwaeleze namna ya kukadiria gharama ya kuchimba choo cha shimo na kukijengea kuta za mawe ndani. Nitatumia kiwanja kimoja cha Ndosho nilichokipima mwenyewe, kwa sababu ardhi yake ni ile inayowasumbua wengi wetu: juu mwamba wa lava, chini changarawe nyeusi inayomomonyoka.

Familia ilikuwa ya watu 6. Tulitaka shimo la mviringo lenye upana wa mita 1.2 kwa ndani na kina cha mita 3. Mtu mmoja hujaza takriban lita 60 kwa mwaka, na nusu mita ya juu huachwa tupu, kwa hiyo shimo hilo lingetosha karibu miaka 8. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Ukuta wa mawe una unene wa sentimita 25 kila upande, kwa hiyo mchimbaji hachimbi mita 1.2 bali 1.7, na kazi inapanda kutoka meta za ujazo 3.4 hadi 6.8. Ni mara mbili kamili! Kuna atakayeuliza kwa nini tusichimbe kwa wembamba ndani ya mwamba, kisha tupanue chini yake. Mwamba huo una nyufa. Ukiuacha ukining'inia juu ya changarawe, siku moja utaangukia mtu aliye ndani.

Kosa la pili ni kulipa kwa mita. Mimi mwenyewe niliwahi kupatana na wachimbaji bei moja kwa kila mita, nikawapa nusu ya pesa, na walipogonga mwamba kwenye sentimita 40 waliondoka bila kuaga. Siwalaumu sana, maana bei ile ilikuwa ya udongo. Siku hizi natoboa kwanza kwa baramini sehemu tatu za kiwanja, kisha nakadiria kila tabaka peke yake. Pale Ndosho mwamba ulikuwa wa sentimita 80, yaani meta za ujazo 1.8. Mtu mmoja, kwa nyundo kubwa na baramini, hutoa robo meta ya ujazo kwa siku, kwa hiyo tuliandika siku 7. Changarawe iliyobaki, meta 5 za ujazo, ilihitaji siku 5, kwani huko mtu hutoa meta nzima kwa siku. Tukaongeza siku 6 za msaidizi wa kuvuta ndoo kwa kamba. Jumla siku 18. Tuseme siku moja ni dola 5: hiyo ni dola 90. Fundi masoni siku 5 kwa dola 10 na msaidizi wake kwa dola 5 wanaongeza 75. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za wiki yako.

Kuhusu vifaa, jambo la kufurahisha ni kwamba mwamba wenyewe hukupa mawe. Theluthi mbili hivi ya ule uliovunjwa hutoka katika vipande vinavyofaa kwa ukuta, na hiyo ni takriban nusu ya mawe yanayohitajika. Kwa hiyo tulinunua meta 2 tu za mawe yaliyorundikwa, ambazo kwa dola 25 kila moja ni dola 50. Saruji ni mifuko 6: 3 kwa mita ya juu ya ukuta, 1 kwa mistari michache ya chini, ambako mawe mengine hupangwa bila saruji ili maji yapenye, na 2 kwa sahani ya kufunika. Mifuko hiyo kwa dola 14 ni 84. Feri betoni ya milimita 8 ni vipande 5, dola 40, na meta moja ya mchanga dola 30. Vifaa vyote vinafika dola 204. Maji ya bidoni andika kando, kama mnayanunua.

Usafiri ndio husahaulika. Lori halikufika kiwanjani. Lilimwaga mzigo barabarani, na chukudu zikabeba karibu tani 5, kilo 250 kwa safari. Safari 20 kwa dola moja na nusu ni dola 30. Lakini tazameni upande wa pili: tulipotoa mawe yaliyotumika, shimo liliacha karibu meta 7 za kifusi kilicholegea. Kama kiwanja ni kidogo na jirani hataki kifusi ukutani kwake, chukudu hizo hizo zitakitoa kwa safari zaidi ya 30, dola 50 hivi, zaidi ya tulizolipa kuingiza vifaa.

Bila kutoa kifusi, hesabu ni dola 399. Pamoja nacho, takriban 450. Kama baramini ikionyesha mwamba unashuka hadi mita moja na nusu, msianze na safu ya vifaa. Rekebisheni siku za uchimbaji kwanza, kisha mpunguze mawe ya kununua.